Mia Tisa Sitini ya Nani?

*Swali: Mwalimu, nina kibanda Kangemi. Mwenye duka la jumla ninakonunua sukari huniambia kodi iliyo kwenye risiti anailipa yeye. Mimi naona nailipa mimi, na wateja wangu nao wanasema ni wao. Nani hasa analipa? Nieleze kwa hadithi tafadhali, grafu za uchumi zilinishinda shuleni.*

Hadithi ipo. Watu wake nimewatunga, na bei zao nimezichagua ziwe nyepesi kuhesabu, lakini kodi yenyewe inakwenda hivyo hivyo nitakavyoisimulia.

Ni saa mbili asubuhi, tarehe 19. Mama Mutheu ameketi nyuma ya kaunta ya duka lake la jumla, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, simu mkononi. Ripoti yake ya VAT ya mwezi uliopita haijaenda, na mwisho ni tarehe 20. Mbele yake amesimama Baba Atieno, ambaye huchukua mifuko miwili ya sukari kila wiki. Leo amechukua mmoja kwanza, wa kilo 50, na kijana wa mkokoteni ameshaupakia. Baba Atieno haondoki. Ameikunjua risiti na anaisoma kama mtu anayesoma barua ya wakwe.

"Mama Mutheu, sukari ni elfu sita. Hii mia tisa sitini ya chini ni ya nini?"

"Ni VAT, Baba Atieno. Asilimia 16. Si ya leo."

"Najua ni VAT. Nauliza, mbona ni mimi niilipe?"

Mama Mutheu akaweka simu chini. "Wewe uilipe? Hebu njoo uone hii iTax kama kuna jina lako. Ni mimi naketi hapa usiku kujaza haya mambo. Nikichelewa siku moja ni faini, na faini haiandikwi Baba Atieno. Kodi ya sukari ya hapa Kangemi nailipa mimi."

"Unaipeleka," alisema Baba Atieno. "Kupeleka si kulipa. Hata huyu kijana wa mkokoteni anapeleka sukari, lakini sukari si yake."

Hapo nisimamishe kidogo, kwa sababu Baba Atieno amegusa jambo ambalo watu wengi wenye digrii hulipita bila kuliona. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inamtaja aliyesajiliwa, yaani Mama Mutheu, kuwa ndiye mwenye deni la kodi mbele ya serikali. Papo hapo inamruhusu kuidai kutoka kwa anayemuuzia, juu ya bei. Kwa hiyo sheria inatuambia serikali imshike nani shati kodi isipofika. Haituambii mfuko wa nani umepungua. Hayo ni maswali mawili, na ugomvi wenu sokoni unatokana na kila mmoja kujibu swali lake.

Turudi dukani. Baba Atieno alikuwa na swali lingine.

"Kwanza unapeleka ngapi kwa mfuko huu wangu?"

Mama Mutheu alinyamaza. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki hata akiwa amekasirika, alivuta faili na kutoa risiti aliyopewa na msambazaji. Mfuko uleule alikuwa ameununua kwa 5,800, na VAT yake 928, jumla 6,728. Amemuuzia Baba Atieno kwa 6,000, na VAT 960. Anapojaza ripoti, anaandika 960 aliyotoza, anatoa 928 aliyotozwa, na kinachobaki ndicho anachopeleka.

"Thelathini na mbili," alisema kwa sauti ndogo.

"Ngapi?"

"Bob thelathini na mbili, Baba Atieno. Umesikia."

Baba Atieno alicheka mpaka kijana wa mkokoteni akageuka.

Lakini asicheke sana. Hizo nyingine 928 hazikupotea. Tuseme kiwanda kilimuuzia msambazaji mfuko huo kwa 5,500 na kutoza 880. Msambazaji akatoza 928, akatoa 880 yake, akapeleka 48. Mama Mutheu akapeleka 32. Jumlisha 880, 48 na 32 upate 960, ileile iliyo kwenye risiti ya Baba Atieno. VAT hukusanywa vipande vipande njiani, kila mmoja akipeleka kwa kiasi cha thamani aliyoongeza yeye, na ndiyo maana ikaitwa kodi ya ongezeko la thamani. Kodi ya mauzo tuliyokuwa nayo Kenya tangu 1973 haikugawanywa hivi. VAT ilichukua nafasi yake mwaka 1990.

Mama Mutheu huuza mifuko kama 300 kwa mwezi. Risiti zake zikijumlishwa zinaonyesha VAT ya shilingi 288,000, lakini anayopeleka ni 9,600. Mtu akimwambia kwamba yeye ni mfereji, na maji si yake, atakuwa hajakosea. Ila mfereji nao huumia. Kodi inadaiwa kwa risiti iliyotolewa na mali iliyoondoka. Serikali haisubiri pesa ziingie. Baba Atieno akichukua mfuko kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi ujao, tarehe 20 itafika kabla yake, na Mama Mutheu atapeleka kodi ya pesa ambazo hajazigusa. Tena akikosa risiti halali ya msambazaji, ile inayotoka kwenye mfumo wa eTIMS wa KRA, zile 928 hatazitoa popote, na kodi yake ya mfuko mmoja itaruka kutoka 32 hadi 960. Wenye maduka ya jumla wanaolalamika kwamba VAT inawaua, mara nyingi ukichunguza ni mikopo na risiti zinazowaua.

"Haya," alisema Mama Mutheu, "mimi si mlipaji. Na wewe je?"

"Mimi ndiye. Angalia. Sijasajiliwa VAT, mauzo yangu hayafiki hata nusu ya milioni tano kwa mwaka. Kwa hiyo hii 960 ninayokupa sina mahali pa kuidai. Wewe unarudishiwa, msambazaji anarudishiwa, mimi narudishiwa nini? Mlolongo umeishia kwangu. Mwenye kuishiwa na mlolongo ndiye aliyelipa."

Hoja nzuri, na nusu yake ni kweli kabisa. Anayeuza chini ya milioni 5 za bidhaa zinazotozwa VAT kwa mwaka halazimiki kujisajili, na asiyejisajili hawezi kudai kodi aliyotozwa. Kwake 960 si kodi tena, ni sehemu ya gharama ya mfuko, sawa na nauli ya mkokoteni.

Mama Mutheu alivuta kikokotoo. "Unauza kilo ngapi?"

"Mia hamsini."

"Kilo hamsini ni 7,500. Umenilipa 6,960. Unabaki na 540. Sasa kama hiyo 960 ilitoka mfukoni mwako, ungekuwa na hasara ya 420 kila mfuko. Ungekuwa umefunga kibanda zamani. Hizo pesa umezitoa kwa mteja, acha kunililia."

Wengi wangefunga hadithi hapa. Muuzaji amepata faida, kwa hiyo kodi imelipwa na mteja, basi. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka kwamba hesabu hiyo haithibitishi kitu. Kupata faida hakuonyeshi kwamba hukulipa kodi. Labda bila kodi ungepata faida kubwa zaidi. Swali pekee lenye maana ni hili: kodi ile ikiondolewa kesho, bei ya kilo kwenye kibanda itakuwa ngapi? Ikibaki 150 na faida ya Baba Atieno ikapanda kutoka 540 hadi 1,500, basi kodi ilikuwa inatoka kwake. Ikishuka hadi karibu 131, ilikuwa inatoka kwa mteja. Ikisimama katikati, wanagawana. Mlipaji wa kweli hutafutwa kwa kulinganisha bei ya leo na bei ambayo haipo.

Na Mama Mutheu, bila kusoma uchumi, aliuliza hasa hilo.

"Nikikuuzia mfuko elfu sita kamili, bila hiyo 960, kesho utauza bei gani?"

"Mia hamsini," alisema Baba Atieno, na hata yeye akatabasamu.

"Kwa siku ngapi?"

Baba Atieno alitazama nje. Kando ya kibanda chake kuna vingine vitatu, vyote vinauza sukari, vyote hununua kwa Mama Mutheu. "Siku mbili. Ya tatu yule jirani wa kona atashuka hadi mia arobaini na tano. Nami nitashuka. Tutashukiana hadi tufike pale pale pa shilingi kumi kwa kilo."

Ushindani wa namna hiyo ndio unaoamua upande wenu wa biashara. Vibanda vinne vinauza kitu kilekile, chenye utamu uleule, na mteja anatembea hatua kumi tu. Hakuna mwenye nafasi ya kubaki na pesa ya ziada kwa muda mrefu, na kwa sababu iyo hiyo hakuna mwenye nafasi ya kubeba kodi kwa muda mrefu. Faida ya 540 kwa mfuko ni riziki tu. Ukiikata, mtu anaacha sukari na kuuza vitunguu. Kwa hiyo kwa muda wa miezi, kodi humpita muuzaji mdogo kama upepo unavyopita kwenye wavu, kwenda mbele au kurudi nyuma.

Kwa muda wa siku chache mambo ni tofauti, na wewe mwenye kibanda unajua. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Kwa mfuko kama huu wa elfu sita, kodi ingeshuka kutoka 960 hadi 840. Hiyo ni shilingi 120 kwa mfuko, au shilingi mbili na senti 40 kwa kilo. Sasa mteja amekuja kununua robo. Punguzo lake ni senti 60. Utamrudishia kwa sarafu gani? Punguzo dogo kama hilo linabaki kwa muuzaji hadi mtu wa jirani aamue kulitumia kuvutia wateja, na huenda asiamue. Kodi ikipanda kwa kiasi hicho hicho, muuzaji naye hapandishi bei ya pakiti ya kumi. Anapunguza kijiko. Kwa bei ya 150 kwa kilo, karatasi ya sukari ya shilingi kumi ni gramu kama 67. Ukitaka kujua kama kodi imefika kwa mteja wa kadogo, usiulize bei, maana bei ni kumi mwaka nenda mwaka rudi. Pima karatasi.

Wakiwa bado wanabishana aliingia Mama Mandazi, anayepika kando ya stendi. Hununua kwa Baba Atieno, lakini leo alikuta kibanda kimefungwa akamfuata huku.

"Nasikia mnagawana pesa yangu," alisema.

"Tunatafuta nani analipa kodi ya sukari," alisema Mama Mutheu.

"Si ni mimi? Baba Atieno akipandisha naweza kwenda wapi? Nikinunua kwa jirani ni bei ile ile. Nikiacha sukari, nani atakula mandazi ya chumvi? Mwaka ule sukari ilipita mia mbili, nilinunua tu. Nilipunguza kidogo kwa unga, wateja wakaanza kuuliza kama nimegombana na mume."

Mama Mandazi ametupa nusu ya kanuni. Kodi humwelemea zaidi asiye na pa kukimbilia. Mnunuzi wa sukari Nairobi hana pengi: chai bila sukari wengi hawaiiti chai, na kitu kingine cha kuweka badala yake kwa bei hiyo hakipo. Bei ikipanda kwa kumi katika kila mia, watu hupunguza ununuzi, lakini kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Mnunuzi amefungwa kamba.

Nusu ya pili ya kanuni ni muuzaji. Simaanishi Baba Atieno wala Mama Mutheu, ambao tumeona ni wapitishaji. Namaanisha aliye mwisho wa mlolongo kwa upande wa pili: kiwanda, mkulima wa miwa, mwenye meli. Je, yeye ana pa kukimbilia? Jibu hubadilika kulingana na mwaka, na ndiyo sababu nisingempa ushindi yeyote kati ya watu wenu watatu kwa miaka yote.

Chukua mwaka ambao sukari ya nje inaingia bila vikwazo vingi. Bei yake bandarini Mombasa inatokana na soko la dunia, pamoja na meli, dola na ushuru. Kenya ni mnunuzi mdogo katika soko hilo. Nairobi ikiweka VAT, muuzaji wa ng'ambo hatashusha bei hata senti. Atapeleka mzigo wake kwingine. Yeye ana pa kukimbilia, dunia nzima. Katika mwaka kama huo kodi huangukia mnunuzi karibu yote. Iondoe, na kwa mfuko wetu bei ya jumla inarudi 6,000, Baba Atieno anaongeza shilingi kumi na senti zake kwa kilo, na Mama Mandazi analipa kama 131 badala ya 150. Alikuwa sahihi.

Ndivyo pia ilivyokuwa kwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 5 kwa kilo uliowekwa kwenye sukari ya kuagizwa na Sheria ya Fedha ya 2023. VAT ilitozwa juu yake pia, kwa hiyo shilingi 5 ilimfikia mnunuzi wa kwanza ikiwa 5 na senti 80. Kodi ya kodi ni jambo la kawaida kwenye bidhaa za kuagizwa, na watu hulisahau wanapokadiria bei.

Sasa chukua mwaka wenye uhaba, kama huo huo wa 2023. Miwa iliyokuwa shambani ilikuwa changa, viwanda vya magharibi vikaagizwa kusimama kwa muda, na kilo ikapita shilingi 200 madukani. Mzigo wa sukari uliopo nchini wiki hiyo ni ule ule, kodi iwepo isiwepo. Kinachopanga bei si gharama tena, ni wanunuzi wangapi wanagombania mifuko michache. Tuseme bei inayowapunguza wanunuzi hadi watoshane na sukari iliyopo ni 200. Kwenye bei ya jumla ya 188.50 kwa kilo, VAT ikiwa ndani yake, kodi ni shilingi 26. Ondoa VAT siku hiyo. Je, sukari imeongezeka? Hapana. Wanunuzi wamepungua? Hapana. Basi 200 inabaki 200, na zile 26 zinahamia kwa yule aliye na sukari ghalani. Maana yake ni kwamba wakati wa uhaba, aliyekuwa akilipa kodi hiyo ni mwenye ghala, ingawa Mama Mandazi ndiye aliyekuwa akilia. Alichokuwa akilipa yeye ni uhaba.

Ndiyo maana huwa nashika kichwa wanasiasa wanaposimama katikati ya uhaba kudai kodi ya sukari iondolewe ili mwananchi apumue. Wamechagua wiki ambayo mwananchi angepumua kidogo kuliko wakati wowote mwingine. Kinachoshusha bei wakati huo ni meli, na vibali vya kuingiza mzigo vikipewa watu wengi badala ya wachache. Vikipewa watatu wanaojuana, hata meli haitasaidia sana, na kodi ikiondolewa itakuwa zawadi yao.

Miaka mingi huwa katikati. Kiwanda kinasaga, mzigo wa nje unaingia kwa kibali, bei ina nafasi kidogo ya kusogea pande zote. Tuseme tumeondoa VAT na bei ya kibandani imetoka 150 ikatua 135, baada ya miezi kadhaa ya watu kuzoea. Kodi ilikuwa kama 19 kwa kilo. Mteja amepata 15, kwa hiyo alikuwa akibeba 15. Zile 4 zilizobaki zilikuwa zikitoka upande wa nyuma: bei ya kiwandani imepanda kidogo kwa sababu watu wananunua zaidi. Kiwanda kitagawana hizo 4 na mkulima, na mgao wa mkulima unategemea kama kuna kiwanda kingine kinachotaka miwa yake. Muwa huchukua zaidi ya mwaka kukomaa. Ukishapandwa, mkulima hawezi kuugeuza uwe mahindi, na ukishakatwa unapoteza sukari kila siku unayochelewa barabarani. Kwa msimu huo mkulima amefungwa kamba kuliko hata Mama Mandazi. Hatawahi kuona risiti ya Kangemi, na shilingi moja ya kodi ya Kangemi inaweza kuwa yake.

Utajuaje uko katika mwaka gani? Una chombo tayari mkononi: risiti. Kodi inapobadilishwa, usiangalie jumla ya chini, angalia mstari wa juu, bei kabla ya VAT. Kodi ikipanda na mstari wa juu ukakaa pale pale, nyongeza yote imeelekezwa kwa mnunuzi. Mstari wa juu ukishuka, kuna mtu nyuma anayemeza sehemu yake. Ukipanda pamoja na kodi, ama gharama nyingine imepanda wiki hiyo, dola kwa mfano, ama mtu ametumia tangazo la bajeti kujipandishia bei akijua utailaumu serikali. Subiri wiki sita au nane kabla ya kuhukumu, maana mzigo wa zamani huwa bado ghalani, na mwezi mmoja wa miwa michache unaweza kukudanganya kabisa.

Kuna kipimo kingine, kibaya, nacho kiliingia dukani kwa Mama Mutheu siku hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Kijana mmoja mwenye pikipiki alisimama mlangoni, akamwita Baba Atieno pembeni. Sauti yake haikuwa ndogo kama alivyodhani.

"Mzee, mfuko wa 50, bila risiti, 6,800. Nakuletea mpaka kwa kibanda."

Baba Atieno alirudi kaunta akikuna kidevu. "Huyu hana kodi. Na anauza 6,800. Wewe mwenye kodi, 6,960."

"Kwa hiyo amekupunguzia mia moja sitini," alisema Mama Mutheu. "Kodi ni mia tisa sitini. Ile mia nane nyingine iko wapi?"

Baba Atieno aliangalia risiti, akaangalia pikipiki.

"Iko kwake," alisema polepole.

"Na mfuko ukiwa na kilo 47, utamdai kwa karatasi gani?"

Mkwepaji hana haja ya kukupa punguzo lote, kwa sababu bei anayoshindana nayo ni ya mwenye kodi. Anashuka kiasi cha kukutoa dukani, kinachobaki anaweka mfukoni. Ukiona tofauti ya bila risiti ni ndogo hivyo, ujue mnunuzi bado analipa kodi karibu yote, ila haifiki kwa serikali.

Mama Mandazi, ambaye chapati na mandazi za asubuhi zilikuwa zikimsubiri, aligonga kaunta. "Mimi nataka kilo mbili. Baba Atieno, unaniuzia ama ninunue kwa huyu mama mfuko mzima tufunge hii kesi?"

"Twende," alisema Baba Atieno. Alimwita kijana wa mkokoteni, akaikunja risiti mara nne na kuiweka mfuko wa shati. Mwenye pikipiki alikuwa ameshaondoka.

Mama Mutheu alishusha miwani, akarudi kwenye simu. Alihesabu tena mifuko ya mwezi uliopita, akajaza ya kutoza, akajaza ya kudai, ikabaki 9,600. Risiti moja ya msambazaji haikuonekana kwenye mfumo. Akampigia.